Akaunti uliyoiacha tupu inaweza kukuachia deni

Wiki mbili zilizopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, kaka mmoja alipiga simu kutoka Ganze, Kaunti ya Kilifi. Alitaka kujua inawezekanaje mtu adaiwe na benki ambayo hajawahi kuikopa hata shilingi moja. Simu zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko muda tuliokuwa nao hewani. Mama mmoja alisema amekuta deni kwenye akaunti aliyoiacha alipoacha kuuza mboga Mariakani. Mzee mmoja alisema yeye aliiandikia benki barua ya kufunga akaunti, na bado alidaiwa.

Tuliahidi kulieleza jambo hili kwa maandishi ili kila mtu asome polepole kwenye simu yake. Kaka wa Ganze ametukubalia tutumie kisa chake bila kutaja jina lake wala jina la benki. Karatasi zake tumeziona, na hesabu tutakazozitoa hapa ni za karatasi hizo. Ada za benki yako zinaweza kuwa tofauti, lakini namna zinavyofanya kazi ni ile ile.

Kisa chenyewe

Kaka huyu alikuwa mlinzi katika hoteli moja Mtwapa. Mshahara wake ulipitia benki, na akaunti aliifunguliwa na mwajiri. Alipewa fomu, akatia sahihi, wiki iliyofuata akapokea kadi ya ATM. Machi 2020 janga la korona lilipoingia nchini, hoteli ilifungwa na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mshahara wa mwezi huo ndio uliokuwa wa mwisho.

Aprili mwaka huo serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Kilifi, Mombasa na Kwale, na kizuizi hicho kiliondolewa mapema Juni kwa Kilifi na Kwale, na mapema Julai kwa Mombasa. Miezi hiyo yote alikuwa akitoa pesa kidogo kidogo. Julai aliamua kurudi Ganze moja kwa moja kufuga mbuzi. Akaenda kwenye ATM, akatoa shilingi 2,300 zilizobaki. Mashine haitoi sarafu, kwa hiyo zilibaki shilingi 40. Kesho yake aliingia ndani ya tawi na barua aliyoandika kwa mkono: naomba akaunti yangu ifungwe, sina kazi tena. Karani aliipokea, akaigonga muhuri, akampa nakala. Kaka akaondoka akijua mambo yamekwisha.

Septemba 2022 aliomba mkopo wa pikipiki ili aanze kazi ya bodaboda. Alikuwa na amana mkononi na wadhamini wawili. Mkopeshaji aliangalia jina lake kwenye kumbukumbu za CRB, akamwambia ombi limekataliwa kwa sababu anadaiwa na benki shilingi 4,280 na ameshindwa kulipa.

Pesa zile zilitoka wapi?

Kutoa pesa zote si kufunga akaunti

Watu wengi tuliozungumza nao wanaamini akaunti ikiwa tupu hujifunga yenyewe. Mmoja alisema keshia ndiye aliyemwambia hivyo. Haiko hivyo. Kwa benki, akaunti ni mkataba kati yako na wao, na mkataba huo unaendelea mpaka upande mmoja uuvunje rasmi. Salio likiwa shilingi milioni moja au sifuri, kompyuta ya benki inaihesabu akaunti hiyo kuwa hai, na tarehe ya ada ikifika inakata.

Lakini kaka huyu alipeleka barua. Kwa nini akaunti haikufungwa?

Jibu liko kwenye zile shilingi 40. Benki haifungi akaunti kwa kupokea barua tu. Mfanyakazi wa benki lazima aingie kwenye mfumo, akate ada zote ambazo hazijakatwa za mwezi huo, akate ada ya kufunga akaunti kama ipo, azuie kadi, asimamishe huduma zilizounganishwa na akaunti, kisha amlipe mteja kilichobaki. Hapo ndipo salio linafika sifuri na mfumo unakubali kufunga. Akaunti yenye shilingi 40 haikuweza kulipa hata ada ya mwezi ule. Ombi lake likabaki limekwama, faili ikawekwa kando, na hakuna aliyempigia simu kumwambia.

Hapa kuna funzo ambalo ningependa kila msikilizaji aondoke nalo: kaka alifuata mpangilio uliogeuzwa. Alitoa pesa kwanza, barua ikafuata. Inatakiwa barua itangulie, pesa zitoke mwisho, tena zitolewe na benki yenyewe siku ya kufunga.

Jinsi shilingi 40 zilivyogeuka deni la 4,280

Tuliipitia taarifa ya akaunti yake mstari kwa mstari. Mambo matatu ndiyo yaliyokuwa yakikatwa.

La kwanza ni ada ya kila mwezi ya kuendesha akaunti, shilingi 100. Kwenye karatasi imeandikwa LEDGER FEE. La pili ni ushuru wa bidhaa unaokwenda serikalini, ambao wakati huo ulikuwa asilimia 20 ya ada ya benki. Umeandikwa EXCISE DUTY, shilingi 20. Kwa hiyo kila mwezi zilitoka shilingi 120. La tatu ni ada ya kadi ya ATM, shilingi 500 kwa mwaka pamoja na ushuru wake wa shilingi 100, jumla 600. Hii ilikatwa kila Januari, ingawa kadi yenyewe ilikuwa kwenye sanduku la nguo na haikuguswa tena.

Mwisho wa Julai 2020 akaunti ilikuwa na shilingi 40, ikakatwa 120. Salio likawa hasi 80, yaani chini ya sifuri kwa shilingi 80. Agosti likawa hasi 200. Septemba hasi 320. Liliendelea hivyo mpaka Desemba likafika hasi 680. Januari 2021 ikaja ada ya mwezi na ada ya kadi kwa pamoja, na deni likaruka hadi 1,400.

Kuanzia mwezi huo, jina la ada kwenye karatasi lilibadilika. Badala ya LEDGER FEE kukawa na DORMANT AC FEE, yaani ada ya akaunti iliyolala. Akaunti ilikuwa imemaliza miezi sita bila mwenyewe kuweka wala kutoa kitu, na mfumo ukaihamisha kwenye kundi la akaunti zisizotumika. Kiwango kilibaki shilingi 100 na ushuru 20.

Kutoka Julai 2020 hadi Agosti 2022 ni miezi 26. Ukizidisha kwa 120 unapata 3,120. Ongeza ada ya kadi mara mbili, Januari 2021 na Januari 2022, ni 1,200. Jumla ni 4,320. Ondoa zile shilingi 40 zilizokuwamo, unabaki na 4,280. Hesabu inakubali mpaka shilingi ya mwisho. Hakuna aliyeiba wala kuingilia akaunti yake. Ni mashine iliyoachwa ikizunguka bila mtu wa kuizima.

Akaunti "kulala" maana yake nini

Kila benki ina muda wake wa kuihesabu akaunti kuwa imelala. Ziko zinazohesabu miezi sita, ziko zinazohesabu mwaka mzima. Kinachoangaliwa ni kama mteja mwenyewe amefanya jambo: ameweka pesa, ametoa, ametuma. Ada zinazokatwa na benki hazihesabiki kuwa wewe umeitumia akaunti. Ndiyo maana unaweza kuona taarifa imejaa mistari kila mwezi, na bado benki ikakwambia akaunti haitumiki.

Baada ya kulala, benki hutofautiana. Kuna zinazosimamisha ada kabisa. Kuna zinazoendelea kukata mpaka salio lifike sifuri, kisha zikaacha. Kuna zinazoendelea kukata hata chini ya sifuri, kama ilivyokuwa kwa kaka yetu. Na kuna zinazoweka ada pembeni kama madai yanayosubiri: salio linaonyesha sifuri, lakini siku utakapoweka shilingi 5,000, sehemu yake inamezwa papo hapo. Mama wa Mariakani lilimpata hili la mwisho. Alitumiwa pesa na mwanawe kwenye akaunti ya zamani, akaenda kutoa, akakuta zimepungua.

Ukitaka kujua benki yako iko kundi gani, omba orodha ya ada za benki. Kila tawi linatakiwa kuwa nayo. Tafuta mistari mitatu tu: ada ya mwezi, ada ya akaunti iliyolala, na ada ya kufunga akaunti. Muulize karani swali moja la wazi: "Akaunti yangu ikifika sifuri, mtaendelea kukata?"

Aina ya akaunti ina uzito wake

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Benki ya Kenya, kifungu cha 16A, inakataza benki kutoza ada ya aina yoyote kwenye akaunti ya akiba. Sheria hiyo haitaji kiwango cha chini wala cha juu, inasema ada yoyote.

Basi mbona watu wanakatwa? Kwa sababu akaunti nyingi tulizo nazo si za akiba kwenye vitabu vya benki. Akaunti ya mshahara, akaunti inayotumiwa pesa za maziwa au za majani chai, na akaunti nyingi zinazofunguliwa kwa simu huandikishwa kuwa za matumizi ya kawaida, na hizo zinaruhusiwa kukatwa ada. Wewe unaweka pesa ukidhani unaweka akiba, lakini kwenye fomu uliyotia sahihi imeandikwa jina jingine.

Kwa hiyo kabla ya kulalamika, angalia juu ya taarifa ya akaunti yako palipoandikwa ACCOUNT TYPE au PRODUCT. Ukiona neno SAVINGS na chini yake kuna ada za kila mwezi, una hoja nzito ya kisheria, na unapaswa kukitaja kifungu hicho cha 16A kwenye barua yako. Ukiona CURRENT, TRANSACTION au SALARY, hoja hiyo haikusaidii. Ya kaka wa Ganze ilikuwa SALARY.

Deni linavyofika CRB

CRB ni kampuni zinazotunza kumbukumbu za ulipaji wa mikopo. Kenya ina tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki, na wakopeshaji wengine walioruhusiwa, hupeleka huko habari za wateja wao, nzuri na mbaya.

Akaunti ikiwa chini ya sifuri, benki inaihesabu kama umekopa. Haijalishi kwamba hukuomba. Ikikaa siku 90 bila kulipwa, inahesabika kuwa mkopo usiolipwa. Hata hivyo kanuni za CRB zilizotolewa mwaka 2020 ziliweka kizuizi: deni lisilofika shilingi 1,000 haliruhusiwi kupelekwa kama habari mbaya. Kanuni hiyo ililetwa kuwaokoa watu waliokuwa wameharibiwa majina kwa vijisenti.

Sasa rudi kwenye hesabu ya kaka yetu. Desemba 2020 deni lake lilikuwa 680, na alikuwa salama. Kwa ada ya mwezi peke yake angevuka 1,000 mwezi Machi. Ada ya kadi asiyoitumia ndiyo iliyomvusha Januari. Ndiyo maana tunasema kadi nayo lazima irudishwe na kuzuiwa siku ya kufunga akaunti. Kadi ina ada yake, na haisimami kwa sababu umeacha kuitumia.

Kanuni pia zinaitaka benki imtaarifu mteja siku 30 kabla ya kupeleka habari mbaya. Benki ilisema ilimtumia ujumbe mfupi. Inawezekana ni kweli. Lakini laini aliyoiandikisha benki mwaka alioajiriwa alikuwa ameipoteza pamoja na simu, akanunua nyingine, na laini ya zamani ikikaa bila kutumika kampuni ya simu huweza kumpa mtu mwingine. Onyo lake huenda lilisomwa na mtu asiyemjua. Ukibadilisha laini, benki ni mahali pa pili pa kwenda baada ya kuwaambia ndugu zako.

Usikimbilie kulipa

Kaka alipoambiwa anadaiwa 4,280, wazo lake la kwanza lilikuwa kuuza mbuzi mmoja alipe, amalizane nao. Mke wake ndiye aliyemzuia, akamwambia atafute kwanza ile karatasi yenye muhuri. Aliipata ndani ya Biblia.

Mke huyo alimwokoa na jambo kubwa. Ukilipa deni lililokwisha kupelekwa CRB, kumbukumbu inabadilika kuonyesha umelipa, lakini haifutwi. Habari kwamba uliwahi kushindwa kulipa hubaki kwa miaka mitano tangu siku ya kulipa, na mkopeshaji anaweza kuiona. Lakini habari ikithibitishwa kuwa ni ya makosa, inasahihishwa, na doa halipaswi kubaki. Kulipa na kusahihishwa ni njia mbili tofauti. Ukishalipa bila kuhoji, ni kama umekiri kwamba deni lilikuwa la haki.

Hivi ndivyo alivyofanya, hatua kwa hatua.

Kwanza aliomba taarifa ya akaunti kuanzia Machi 2020, mwezi wa mshahara wake wa mwisho, mpaka siku ile. Alichora mstari kwa kalamu kwenye tarehe ya barua yake. Kila kilichokatwa chini ya mstari huo kilikuwa baada ya yeye kuomba kufunga.

Pili aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa tawi. Haikuwa na matusi wala maelezo marefu. Ilisema: tarehe fulani niliomba akaunti ifungwe, nakala yenye muhuri wenu nimeiambatisha. Tangu tarehe hiyo nimekatwa shilingi kadhaa. Naomba mambo matatu: ada hizo zirudishwe, akaunti ifungwe, na CRB zipelekewe masahihisho. Alipeleka nakala mbili, moja ikabaki kwao, ya pili ikagongwa muhuri akarudi nayo.

Tatu alingoja, akafuatilia kila wiki, na kila mara aliandika jina la aliyezungumza naye na tarehe. Benki ilijibu baada ya wiki tatu. Ilikubali kwamba barua ya Julai 2020 ilipokelewa na haikushughulikiwa. Ada zote za baada ya mwezi huo zilifutwa. Alitakiwa kulipa shilingi 80 tu, zile zilizopungua mwisho wa Julai, kwa kuwa mwezi huo akaunti ilikuwa bado inatumika. Alizilipa kaunta, akapewa risiti, na siku hiyo hiyo akaunti ikafungwa.

Nne aliomba barua mbili kabla ya kutoka mlangoni: barua ya kuthibitisha akaunti imefungwa na salio ni sifuri, na barua inayosema hadaiwi. Karani alimwambia hahitaji. Alikaa kwenye benchi mpaka akapewa.

Jina lake kwenye CRB lilichukua wiki nyingine tatu kusahihishwa. Mkopo wa pikipiki aliupata mwaka uliofuata, baada ya msimu aliokuwa ameutegemea kupita. Hasara hiyo hakuna aliyemlipa.

Kama huna barua yoyote

Mama wa Mariakani hakuwa na karatasi. Alitoa pesa zake akaondoka, kama wengi wetu. Kwa mtu wa aina hiyo tusidanganyane: kwa mkataba aliotia sahihi, benki ina haki ya kudai ada. Hawezi kusema ni kosa la benki.

Lakini bado ana nafasi ya kuzungumza. Meneja wa tawi mara nyingi ana uwezo wa kusamehe ada mpaka kiwango fulani, na kwa kiasi kikubwa zaidi hupeleka ombi makao makuu. Benki nayo inajua kwamba ada ilizotoza kwenye akaunti iliyolala bila huduma yoyote ni vigumu kuzitetea mbele ya mteja aliyekuja mwenyewe akiwa tayari kumaliza. Mama aliandika barua akaomba asamehewe ada zilizokatwa baada ya akaunti kuhesabiwa imelala, akakubali kulipa za kabla ya hapo. Alisamehewa nusu hivi. Makubaliano kama hayo lazima yawe kwa maandishi kabla ya kutoa pesa, na yaseme wazi kwamba ukilipa kiasi hicho deni limekwisha lote. Usipofanya hivyo, kiasi kilichosamehewa kwa mdomo kinaweza kubaki kwenye kompyuta.

Na angalia jambo hili: kama akaunti bado iko wazi siku unalipa, mwezi ujao ada itaanza upya. Malipo na kufunga vifanyike siku moja, kwenye meza moja.

Benki ikikataa kukusikiliza

Benki Kuu ya Kenya ina mwongozo wa kuwalinda wateja ulioanza kutumika mwaka 2013, na kila benki inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Benki Kuu itakuuliza kwanza kama umelalamika kwa benki yako na ulijibiwa nini. Kwa hiyo nakala zenye muhuri ndizo zitakazokupa nafasi ya kusikilizwa. Kwa wasikilizaji wa Pwani, Benki Kuu ina tawi Mombasa, na malalamiko pia hupokelewa kwa maandishi.

Kuhusu CRB, una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kila kampuni. Usiombe ripoti moja ukaridhika, kwani benki inaweza kuwa imepeleka habari zako kwa zote tatu. Metropol unaweza kuifikia kwa simu yoyote, hata isiyo na intaneti, kwa kubonyeza *433#. Ukikuta kosa, unaweza kuandikia kampuni yenyewe ya CRB kulipinga, nayo inalazimika kuiuliza benki.

Jihadhari na wanaojitangaza kwenye mitandao kwamba wanafuta majina CRB kwa ada. Hakuna wakala mwenye ufunguo huo. Anayeweza kubadilisha habari ni benki iliyozipeleka, au CRB baada ya kuthibitisha kosa.

Na kama uliacha pesa za maana?

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Akaunti ikiwa na pesa na mwenyewe asionekane kwa miaka mitano, sheria ya mwaka 2011 inaitaka benki ipeleke pesa hizo kwa UFAA, mamlaka inayotunza mali ya kifedha isiyodaiwa na mtu. Hazipotei. Wewe au warithi wako mnaweza kuzidai, na unaweza kuangalia jina lako kwa kubonyeza *361#.

Lakini fanya hesabu kidogo. Ada ya shilingi 120 kwa mwezi inakula shilingi 3,000 kwa miezi 25. Akaunti ya mkulima aliyeacha elfu tatu haifiki mwaka wa tano ikiwa na kitu cha kupelekwa UFAA. Ada imekwisha kuimaliza mwaka wa tatu ukianza, na kama benki ni ya wale wanaoendelea kukata, yule aliyepaswa kuwa mdai amegeuka mdaiwa. Sheria inayolinda pesa zilizosahauliwa inawafaa zaidi walioacha nyingi. Aliyeacha kidogo analindwa na miguu yake mwenyewe kwenda kufunga.

Siku ya kwenda kufunga

Kabla ya kwenda, acha pesa kidogo kwenye akaunti, zinazotosha ada ya mwezi huo na ada ya kufunga. Kama kuna malipo yanayokatwa yenyewe kila mwezi, yasimamishe kwanza, na mkopo wowote wa simu uliounganishwa na akaunti hiyo uwe umelipwa. Nenda na kitambulisho, kadi ya ATM, na barua mbili zinazofanana.

Ukifika, omba akaunti ifungwe ukiwa umekaa pale pale. Wakikwambia itachukua siku kadhaa, uliza tarehe na urudi siku hiyo. Kadi ikatwe mbele yako. Kilichobaki upewe taslimu au utumiwe kwenye simu. Usiondoke bila barua ya kuthibitisha kwamba akaunti imefungwa na salio ni sifuri. Karatasi hiyo itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba, maana unaweza kuihitaji baada ya miaka miwili, kama kaka wa Ganze.

Miezi miwili baadaye piga simu benki uulize hali ya akaunti ile kwa namba yake. Wakisema haipo au imefungwa, umemaliza. Wakikutajia salio, hata la shilingi 80 chini ya sifuri, rudi na karatasi zako wiki hiyo hiyo, kabla halijafika 1,000.